Swali la Nane

Jina la Bi Mstari hakupewa na wazazi wake. Alipewa na rula. Ni rula ya mbao ya futi moja, imemeguka pembe, na kila anapochapa kazi ya mtu huiweka chini ya mstari anaousoma. Akimaliza mstari huisogeza kidogo, mpaka ukurasa uishe. Wanafunzi walimtania kwanza kwa siri, baadaye mbele yake, na siku alipoitikia jina hilo bila kukunja uso, likawa lake.

Duka lake ni chumba kimoja mkabala na lango la chuo. Kuna mashine mbili za kutoa nakala, moja inafanya kazi na nyingine inangoja spea tangu sijui lini, kuna kompyuta, kuna benchi la wateja na kigoda. Mimi nakaa dirishani, natoboa karatasi na kuzitia waya. Niliingia pale siku moja baada ya kustaafu, nikijikinga na mvua, na mpaka leo ni miaka sita, naona mvua ile bado haijakatika.

Nimesoma darasa la saba tu, lakini ukikaa karibu na ua waridi utanukia. Miaka sita ya kutia waya maandiko ya utafiti imenifundisha kwamba mtu wa chuo hawezi kuamka tu akaenda kuuliza watu maswali. Ni lazima kwanza aandike anataka kujua nini, kwa nini, atamuuliza nani, kwa njia gani, mwezi gani atafanya lipi, halafu akae mbele ya kamati wamchambue kama mchele. Andiko likipita, anaomba kibali cha maadili, yaani ruhusa ya watu wanaohakikisha kwamba utafiti hautamdhuru mtu. Ndipo anatoka kwenda kuuliza. Bi Mstari amechapa mamia ya maandiko hayo. Nadhani angeamshwa usingizini angeweza kukutajia vichwa vyake kwa mpangilio, kuanzia usuli hadi viambatisho.

Hata hivyo alikuwa na sheria moja. Alirekebisha herufi na nafasi, basi. Kama mtu ameandika kwamba jua linazama asubuhi, Bi Mstari angechapa jua linazama asubuhi. Alikuwa akisema, "Mimi natia wino, sitii maneno." Sheria hiyo ilitokana na mwanafunzi mmoja wa zamani aliyekuja juu kwa sababu ya sentensi iliyonyooshwa bila idhini yake. Nikimwangalia, nilihisi kuna sababu nyingine pia. Alikuwa mtu aliyejizoeza kupita katika nyumba za watu bila kugusa kitu.

Na kweli ndivyo alivyoishi. Kabla ya duka, alifanya kazi za ndani ugenini miaka minane. Hilo lilijulikana, kwa sababu mashine ile nzima ilinunuliwa kwa jasho la huko. Kilichobaki hakuna aliyekijua. Ukimuuliza huko kukoje, atakuambia, "Kuna joto," kisha atasogeza rula.

Sasa, Jumatatu moja aliingia mwalimu wa sekondari, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Alikuwa na likizo ya masomo kutoka shuleni kwake, na alikuja na andiko lililojaa kalamu nyekundu ya msimamizi wake. Lilihusu dini na uhamaji miongoni mwa wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili wanaoishi nje. Alikuwa na maswali makuu matatu. Je, imani inawasaidiaje kuuzoea ugeni? Je, kuhama kumebadilishaje namna wanavyoabudu? Na je, nyumba za ibada zinawasaidiaje kupata kazi, makazi na habari za nyumbani?

Alitusimulia mkasa wake akiwa bado amesimama. Kamati ilimrudisha mara ya kwanza kwa kosa la kutosema watu wake atawapata wapi. Walimwambia huwezi kusema utahoji wafanyakazi mia na ishirini kana kwamba wamepangwa rafuni. Alhamisi hii ndiyo mara yake ya pili, na taratibu za chuo haziruhusu ya tatu. Akikataliwa, anaondolewa masomoni na kurudi darasani kwake kufuta ubao.

"Safari hii nimewaziba mdomo, dada," alisema. "Nimepata orodha kwa viongozi wa misikiti na makanisa kulekule. Majina, namba, kila kitu."

Bi Mstari alimwambia arudi Jumatano saa nane, akaweka rula.

Alichapa Jumatatu nzima. Jumanne asubuhi alifika kwenye viambatisho, mahali panapowekwa hojaji, yaani karatasi ya maswali atakayosomewa kila mfanyakazi. Nilikuwa natia waya ripoti ya mtu wa kilimo, nikagundua kwamba sisikii vitufe vya kompyuta. Nikainua kichwa. Rula ilikuwa imetua chini ya mstari mmoja, na yeye anautazama. Akaenda kunywa maji. Akarudi, akautazama tena. Alienda kuyanywa mara tatu maji yale, na mtungi haukupungua.

Nikamuuliza kama mwandiko hausomeki.

"Unasomeka, babu," alisema. "Unasomeka vizuri kabisa."

Alipotoka kununua karatasi, nilichungulia. Si tabia nzuri, lakini uzee nao una ruhusa zake. Lilikuwa swali la nane: "Katika mwezi uliopita, ulikwenda kwenye nyumba ya ibada mara ngapi?" Chini yake kulikuwa na maelekezo kwa muulizaji: "Kama hakwenda kabisa, ruka hadi swali la kumi na tano." Nikafunua ukurasa. Swali la tisa hadi la kumi na nne ndiyo yaliyouliza kuhusu imani yenyewe. Unamwomba nini Mungu wako huko uliko? Nani anasali pamoja nawe? Imani imekusaidia wakati gani mgumu? La kumi na tano lilikuwa linauliza kiwango cha elimu.

Nikarudi kwenye waya zangu. Sikuona ubaya wowote, nakiri. Nilifikiri asiyekwenda ibadani utamuuliza ibada ya nini?

Jumatano saa nane kamili mwalimu alikuja, amepiga pasi pande zote mbili. Kazi ilikuwa imekwisha, imelala mezani, lakini Bi Mstari hakunipa niitoboe. Alimwonyesha benchi, mwalimu akakaa, na yeye akabaki amesimama, ameshika rula kama mtu anayesubiri kuhesabu viboko.

Alianza kwa kuomba radhi. Alisema hii si kazi yake, na mwalimu ana haki ya kumwambia akae kimya. Kisha akamwuliza, huyo mtu anayeruka hadi la kumi na tano, anamchukulia kuwa ni nani?

Mwalimu alisema ni mtu asiyeshika dini sana.

"Ni mimi huyo," Bi Mstari alisema.

Mwalimu akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Basi akatueleza. Nitaifupisha, maana yeye mwenyewe aliisema kwa vipande, huku akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa ghorofa ya tano, na hakuwa na siku ya kutoka. Mkataba uliitaja siku hiyo, lakini mlango ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Katika miaka minane alifika kanisani mara mbili, na moja ya hizo ni kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa na miadi jirani. Mahali pake pa kusalia palikuwa juu ya paa, palipoanikwa nguo. Huko alikutana na mfanyakazi wa ghorofa ya tatu, mwanamke Mwislamu, Mswahili mwenziwe kwa lugha. Walipeana zamu. Mwenzake akisali, yeye anaanika nguo za nyumba zote mbili na kuangalia mlango wa ngazi. Yeye akisali, mwenzake anaanika. Shuka kubwa walilitundika mbele, liwe ukuta.

"Sijawahi kuwa mtu wa dini kama nilivyokuwa juu ya lile paa," alisema. "Na kwa karatasi yako mimi ni kiwango cha elimu tu. Umeniruka, mwalimu."

Mwalimu alitoa kalamu, akairudisha mfukoni. Akajitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. Alisema swali hilo limetumiwa na watafiti wengi, na faida yake ni kwamba linahesabika. Bi Mstari akamjibu kwamba hakatai, ila huko linahesabu ruhusa ya tajiri, halihesabu imani ya mtumishi. Na yule mwenzake wa ghorofa ya tatu, hata akiwa nyumbani kwao alikuwa anasali chumbani, kwa kuwa kwenda msikitini si sharti kwa mwanamke. Swali la nane lingemruka hata bila ufunguo wa mtu.

"Halafu hizo orodha zako," akaendelea, sauti imeshuka. "Za misikiti na makanisa. Aliyemo humo ni yule anayeweza kutoka. Dereva, fundi, mlinzi wa zamu. Aliyefungiwa hayumo. Utaandika kwamba wafanyakazi wa ugenini wanasaidiwa sana na nyumba za ibada, na itakuwa kweli, kwa sababu umekwenda kuwauliza waliomo ndani ya nyumba za ibada."

Nikasema hiyo ni sawa na kuhesabu wagonjwa kwa kusimama uwanja wa mpira. Hakuna aliyenisikia.

Mwalimu alikuwa amejiinamia. Hatimaye alisema jambo ambalo nilitarajia atalisema mapema zaidi: kwamba kesho ni kesho, na kwamba angalau angeweza kulifuta lile agizo la kuruka, akaliacha swali, watu wakajibu ukweli wao.

Bi Mstari aliweka rula mezani.

"Hawatakujibu ukweli. Mimi nisingekujibu. Mama yangu nilimwandikia na kumpigia simu miaka minane nikimwambia kila Jumapili niko kanisani. Kila Jumapili. Mpaka leo anawaambia majirani, mwanangu hata ugenini hakukosa ibada. Wewe mgeni uje na karatasi uniulize mara ngapi, nikuambie wewe kile ambacho sijamwambia mama?"

Kisha akasema mama yake hajui, na maneno haya yasitoke humu ndani. Mwalimu akaapa. Mimi nikaitikia kwa kichwa, nikatazama waya zangu.

Muda ulikuwa saa tisa kasoro, na duka hufungwa saa kumi na mbili. Mwalimu alivua saa, akaiweka mezani, akasema, "Dada, nifanyeje?" Sijawahi kumsikia mtu wa chuo akiuliza swali fupi vile.

Mchana ule ilivunjwa sheria ya wino na maneno. Swali la nane lilifutwa, likaandikwa upya: "Nieleze mara ya mwisho uliposali au kuabudu. Ulikuwa wapi, na nani alikuwepo?" Maagizo ya kuruka yakaondolewa. Watu mia na ishirini wa kuhesabika wakaachwa. Mwalimu alisema ni bora mahojiano ya kina ya watu thelathini na watano, nusu kutoka kwenye zile orodha, nusu kwa njia ya kuelekezana, ambapo waliokwisha kurudi nyumbani wanamjulisha kwa wenzao waliobaki, na kila mmoja anamwelekeza kwa mwingine. Mfanyakazi atajibu kwa kurekodi sauti kwenye simu, saa anayoona inamfaa, aitume, kisha aifute kwake. Bi Mstari akaongeza kwamba ujumbe wa kwanza usiwe na neno utafiti, kwani simu za wengine hukaguliwa.

Kulikuwa pia na karatasi ya ridhaa, ambayo mshiriki hutia sahihi kuonyesha amekubali. Bi Mstari akauliza, aliyenyang'anywa pasipoti atatia sahihi karatasi ya mtu asiyemjua? Ikawa ridhaa ya mdomo, asomewe, aseme ndiyo au hapana, na asiandikwe jina, aandikwe namba.

Mwisho ikabaki ratiba, lile jedwali la miezi kumi na miwili lenye visanduku vilivyotiwa weusi. Hapo Bi Mstari alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwalimu alikuwa ameweka kukusanya data mwezi wa tatu na kibali cha maadili mwezi wa nne.

"Hili ningelichapa hivihivi, unajua?" alimwambia. "Ungeingia kwenye kamati umeoa kabla ya posa."

Wakalipanga upya. Kamati mwezi wa kwanza, masahihisho na maombi ya kibali hadi wa tatu, kukusanya data wa tano hadi wa nane, kuchambua na kuandika mpaka wa kumi na mbili. Nilitoboa na kutia waya nakala tano saa kumi na mbili kasorobo. Mwalimu alizibeba kwa mikono miwili, kama sinia la chai.

Alhamisi Bi Mstari alichapa barua moja tu, na akaikosea. Alikuwa anatazama lango la chuo. Sidhani alihofia andiko peke yake. Siri ikishatoka kinywani mwako, inakwenda kulala kwa mtu, na hujui anailaza vipi.

Mwalimu alitokea saa saba. Uso haukusema kitu. Alikaa kwenye benchi, akaanza kusimulia kwa utaratibu wa kukera, kama anasoma kumbukumbu za kikao. Wajumbe walimsifia sampuli. Mmoja alilalamika kwamba thelathini na watano ni wachache, msimamizi wake akamtetea kwamba huu si utafiti wa kuhesabu bali wa kuelewa. Kisha mwenyekiti, mama mtu mzima aliyekuwa kimya, akavua miwani. Akasema rasimu aliyopelekewa awali ilikuwa na swali la mahudhurio, hii haina, na maelezo yake yanasema watu wasingelijibu ukweli. Nani amekuambia watu wangedanganya?

Mwalimu alimjibu kwamba amezungumza na mtu mmoja aliyewahi kuishi huko.

Mwenyekiti akauliza, umehoji mtu bila kibali?

Mwalimu hakurudi nyuma. Alisema hakumhoji. Alimwonyesha maswali kama unavyomwonyesha fundi mchoro, akaambiwa yana ufa, akayarekebisha. Alichoambiwa hakimo kwenye andiko na hakitakuwa data. Mjumbe mmoja akamtaka angalau aseme ni nani, wamjue kama anaaminika.

"Nikasema siwezi. Nimeahidi."

Mwenyekiti akavaa miwani, akamwambia yule mjumbe kwamba kama kijana angelitaja jina lile, yeye angelikataa andiko palepale, maana mtu asiyeweza kutunza siri ya mmoja hawezi kupewa ya thelathini na watano.

Likapita, kwa masahihisho. Waliagiza aongeze, baada ya kibali, hatua ya kuyajaribu maswali kwa watu watano waliorejea nyumbani, na aioneshe kwenye ratiba mwezi wa nne.

Bi Mstari alisikiliza yote amesimama. Kisha akaketi, na nadhani hakuwa amekaa tangu asubuhi. Alimwambia mwalimu hongera mdogo wangu, akafungua faili, akaanza kutia weusi kisanduku cha mwezi wa nne. Mwalimu akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayekanyaga sakafu iliyodekiwa, kama akipata kibali angekubali kuwa mmoja wa wale watano.

"Ngoja," alisema. "Kuna mtu natakiwa kumjibu kwanza."

Jumapili hiyo alikwenda kwa mama yake. Jumatatu alinisimulia huku anafuta vumbi kwenye mashine mbovu. Alimkuta bibi kizee anachambua mboga, akakaa naye, akamwambia yote, paa na shuka na zile Jumapili. Mama hakuacha kuchambua.

"Nilijua," mama alisema. "Ulikuwa unanipigia simu unasema uko kanisani, na nyuma yako mashine ya kufulia inazunguka. Ningekuuliza ungefanyaje, mwanangu? Ungeacha kupiga."

Nikamuuliza Bi Mstari alijibu nini. Akasema alivuta fungu la mboga, wakachambua wawili.

Kibali kilitoka mwishoni mwa mwezi wa tatu, kama ratiba ilivyosema, jambo ambalo katika miaka yangu sita nimeliona mara mbili. Mwalimu alikuja alasiri moja na karatasi ya ridhaa. Bi Mstari aliichapa mwenyewe, aliijua neno kwa neno, lakini alihama kiti chake, akakaa kwenye kigoda cha wageni, rula akaiacha mezani, akamwambia amsomee.

Mwalimu akasoma taratibu. Una hiari kushiriki au kukataa. Unaweza kuliacha swali lolote. Jina lako halitaandikwa. Mahojiano yatafanyika faraghani.

"Nimesikia," alisema Bi Mstari. "Nakubali."

Nikainuka, nikachukua kofia yangu. Karatasi ile niliitoboa mimi, siwezi kusema sikujua faragha maana yake nini. Nilitoka, nikavuta mlango nyuma yangu, nikakaa kwenye ngazi. Nilimsikia mwalimu akianza na umri na kazi, moja, mbili, tatu, na alipokaribia la nane nikasogea mbali zaidi, hadi upande wa pili wa barabara.